Kwa nini sinusi, kosinusi na tanjenti ni uwiano wa pande? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwaka trigonometria inapoanza, na mara nyingi huulizwa na wanafunzi ambao fomula zote wameshazikariri. Wanajua kwamba sinusi ni upande wa mkabala kugawa kwa ipotenusi, kosinusi ni upande jirani kugawa kwa ipotenusi, na tanjenti ni mkabala kugawa kwa jirani. Wasichoelezwa ni kwa nini kugawa, kwa nini pande hizo, na kwa nini pembetatu ile yenye pembe mraba peke yake. Tuko Goma, kwa hiyo mfano mkubwa wa ukurasa huu ni Nyiragongo, mlima wa volkeno ambao kila mtu anauona asubuhi mawingu yakikaa mbali. Soma kwa mpangilio, kwa sababu jibu la pili ndilo linalobeba mengine yote.

Profu, kwa nini tugawe upande kwa upande? Si tungesema tu kwamba sinusi ni urefu wa upande wa mkabala?

Waambie wanafunzi wawili wachore pembetatu yenye pembe mraba na pembe nyingine ya digrii 30. Wa kwanza anachora ndani ya daftari, ipotenusi yake ina sentimita 8, na upande unaoikabili pembe ya digrii 30 anaupata ni sentimita 4. Wa pili yuko ubaoni na rula ndefu. Ipotenusi yake ni sentimita 60 na upande wa mkabala ni sentimita 30. Pembe ni ile ile, lakini mmoja ana 4 na mwenzake ana 30. Sasa tuandike ipi kwenye jedwali mbele ya digrii 30?

Hatuwezi kuandika yoyote, kwa sababu urefu wa upande unachanganya habari mbili: pembe imeinuka kiasi gani, na mchoro ni mkubwa kiasi gani. Sisi tunataka habari ya kwanza tu. Ukigawa 4 kwa 8 unapata 0,5, na ukigawa 30 kwa 60 unapata 0,5. Ukubwa wa mchoro ulikuwa juu na chini ya mstari wa kugawia, ukajifuta wenyewe. Kilichobaki ni mali ya pembe peke yake.

Ndiyo maana pia sinusi haina kipimo. Sentimita kwa sentimita zinafutana, kilomita kwa kilomita zinafutana. Mwanafunzi akiandika "sin 30° = 0,5 cm" kwenye karatasi ya mtihani, hajakosea herufi mbili tu. Ameonyesha kwamba bado anadhani sinusi ni kipande cha mstari.

Tunajuaje kwamba uwiano hautabadilika? Labda 30° ilikuwa bahati.

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Tafsiri ya sinusi kama uwiano ingekuwa bure kabisa kama uwiano huo ungebadilika pembetatu ikikua. Kwa hiyo lazima kwanza kuthibitisha kwamba haubadiliki, ndipo upewe jina.

Chukua mkasi na karatasi. Kata pembetatu mbili zinazolingana kabisa, kila moja na pembe mraba, na pembe nyingine tuiite A, ya ukubwa wowote unaopenda. Upande wa chini, ulio jirani na A, tuuite b. Upande uliosimama, unaoikabili A, tuuite a. Ipotenusi ni c. Laza ya kwanza mezani, b ikiwa chini. Sasa ichukue ya pili, usiizungushe hata kidogo, isukume tu kuelekea juu na kulia mpaka kona yake ya A ikae juu ya ncha ya pembetatu ya kwanza.

Angalia ipotenusi mbili. Zote zinapanda kwa pembe ile ile kutoka usawa wa meza, na ya pili inaanzia pale ya kwanza inapoishia, kwa hiyo zimekuwa mstari mmoja ulionyooka wenye urefu wa c mara mbili. Chini ya pembetatu ya pili kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo ni mstatili wa upana b na kimo a. Ukiujaza, unapata pembetatu moja kubwa yenye pembe A ile ile. Upande wake wa chini ni b na b, yaani 2b. Kimo chake ni a na a, yaani 2a. Uwiano 2a kwa 2c ni sawasawa na a kwa c.

Ongeza nakala ya tatu, utapata 3a, 3b, 3c. Ukitaka pembetatu kubwa mara moja na nusu, anza na nakala tatu za pembetatu iliyo nusu ya ile ya kwanza. Sehemu yoyote inapatikana kwa njia hiyo, na urefu ambao hauandikiki kama sehemu, kama mzizi wa 2, unabanwa katikati ya sehemu mbili zilizo karibu kadiri utakavyo. Wanaokumbuka nadharia ya Talesi wataona kwamba ni yenyewe: mistari sambamba inakata pande kwa uwiano ule ule.

Uthibitisho huu una mpaka wake. Nafasi ile tupu imekuwa mstatili kwa sababu karatasi ni bapa. Juu ya mpira haifanyi kazi. Weka ncha moja ya pembetatu kwenye Ncha ya Kaskazini ya dunia na ncha mbili juu ya ikweta, zikitengana robo ya mzunguko, utapata pembetatu yenye pembe mraba tatu. Huko ukubwa na pembe havitenganishwi, na uwiano wa kawaida wa pande hauwezi kuwa mali ya pembe peke yake. Wapima ardhi wa masafa marefu wana fomula zao kwa hilo. Kwa kiwanja, paa au mlima mmoja, karatasi bapa inatosha.

Kwa nini lazima iwe pembetatu yenye pembe mraba?

Kwa sababu pembe za pembetatu zinafanya jumla ya digrii 180. Pembe mraba ikishachukua 90, zimebaki 90 za kugawana mbili. Ukitaja moja, nyingine imejulikana. Yaani pembe moja tu inatosha kuamua umbo zima, na ndiyo maana tunaweza kuandika "sin 30°" bila kuongeza kitu. Katika pembetatu ya kawaida ungelazimika kutaja pembe mbili, na jedwali lingehitaji vichwa viwili.

Mwanafunzi makini atauliza: basi kwa nini tusikubaliane pembe iwe 60 kila mara, badala ya 90? Umbo lingeamuliwa vilevile. Ni kweli, ingewezekana, lakini tungepoteza vitu viwili vya thamani. Cha kwanza ni Pitagora. Kwa kuwa a² + b² = c², ukigawa kila kitu kwa c² unapata sin² A + cos² A = 1, na kuanzia hapo ukijua sinusi unaipata kosinusi bila kupima tena. Cha pili ni kwamba pembe mraba tunapewa bure na dunia. Jiwe lililofungwa kwenye uzi linaning'inia wima, maji yaliyotulia ya ziwa Kivu yanalala mlalo, na kati ya hizo mbili kuna digrii 90 ambazo hakuna fundi aliyezitengeneza.

Wala hatujajifungia. Pembetatu yoyote yenye pembe A, B na C, ambapo a ni upande unaoikabili A na b unaoikabili B, unaweza kuikata kwa kuteremsha kimo kutoka ncha C, na utapata mbili zenye pembe mraba. Kimo hicho, ukikitazama kutoka upande wa A, ni b × sin A. Ukikitazama kutoka upande wa B, ni a × sin B. Ni kimo kimoja, kwa hiyo vinalingana, na hiyo tayari ni kanuni ya sinusi ambayo wengi huikariri kama kitu kipya kilichoanguka kutoka mbinguni.

Nionyeshe basi kitu cha kweli. Huo uwiano unanisaidia nini?

Tupime Nyiragongo tukiwa tumesimama ufukweni mwa ziwa, mjini.

Unahitaji raporta, uzi na kijiwe. Funga uzi kwenye kitundu cha katikati ya raporta, ining'inize ukingo wake ulionyooka ukiwa juu, na kijiwe kivute uzi chini. Ukitazama mlalo kabisa kwa kufuata ukingo ule, uzi unapita kwenye 90. Sasa inua ukingo mpaka jicho lako, ukingo na mdomo wa mlima viwe mstari mmoja. Mwenzako asome uzi uko wapi. Siku isiyo na upepo utaukuta karibu na 84. Tofauti ya 90 na 84 ni 6: mlima umeinuka digrii 6 juu ya mlalo. Watu wengi hushangaa, kwa sababu kwa macho Nyiragongo unaonekana umeinuka zaidi sana.

Sasa pembetatu. Upande wa mlalo unatoka kwako mpaka pale hasa chini ya sehemu ya mdomo unayoiona, na pale ni ndani ya mlima, hakuna anayeweza kupafika kwa kamba. Kwenye ramani umbali huo kutoka ufukweni ni kama kilomita 19. Upande wa wima ndio tunaoutafuta. Ipotenusi ni mstari wa jicho lako. Tunajua upande jirani, tunataka wa mkabala, na uwiano unaounganisha hizo mbili ni tanjenti.

Chora kwenye daftari mstari wa sentimita 19, simamisha pembe mraba upande mmoja, na upande mwingine inua pembe ya digrii 6. Mstari utakata ule wa wima kwenye sentimita 2 hivi. Pembetatu hiyo ya daftari na ile ya mlima zina pembe zile zile, na tumeshathibitisha kwamba uwiano wake ni mmoja. Sentimita 2 kwa 19 ni kama kilomita 2 kwa 19. Mashine ya hesabu inafanya kazi hiyo hiyo bila penseli: tan 6° = 0,1051, na 19 × 0,1051 = 1,997. Mlima uko kama mita 2000 juu ya ziwa. Ziwa lenyewe liko mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari, jumla ni mita 3460. Kimo kinachoandikwa kwenye ramani ni mita 3470.

Usishangilie mno. Tumebahatika kwa sababu raporta haisomi vizuri zaidi ya nusu digrii. Kama uzi ungesomeka 84 na nusu, pembe ingekuwa 5,5° na kimo kingetoka mita 1830. Kwa 6,5° kingekuwa mita 2165. Nusu digrii moja inahamisha mlima zaidi ya mita 160. Ukilinganisha na hilo, makosa mengine ni madogo: mviringo wa dunia unaficha kama mita 28 kwa umbali huo, na ukichanganya katikati ya kreta na mdomo wake wa huku kwetu unakosea kama mita 600 za mlalo, ambazo kwa pembe ya digrii 6 ni kama mita 60 za kimo. Anayetaka jibu bora anunue chombo kizuri cha kusoma pembe kabla ya kugombania ramani.

Kwa nini nilipotumia sinusi kwa mlima nilipata jibu karibu lile lile?

Kwa sababu pembe ni ndogo, na hapa kuna mtego. sin 6° ni 0,1045 na tan 6° ni 0,1051. Ukizidisha kwa 19 unapata 1,986 badala ya 1,997, tofauti ya mita 11, na unaondoka ukiamini umefanya vizuri. Sababu yake ni kwamba ipotenusi na upande wa mlalo karibu zinalingana: ipotenusi ya mlima wetu ni kilomita 19,1. Ukigawa kwa 19 au kwa 19,1 si tofauti kubwa.

Rudia kosa hilo hilo kwa pembe ya digrii 60, mfano ukiwa chini ya mti mrefu, na utapata 0,866 mahali pa 1,732. Mti umepunguzwa nusu kamili. Kwa hiyo usijipime kwa mazoezi ya pembe ndogo. Yanasamehe kila kitu.

Upande wa mkabala ni upi? Kila mara nachanganya.

Unachanganya kwa sababu unatafuta upande wenye jina la kudumu, na haupo. Ipotenusi tu ndiyo haihami: iko mbele ya pembe mraba, ndiyo ndefu kuliko zote. Hizo nyingine mbili zinabadilishana majina kulingana na pembe unayosimama. Weka kidole kwenye pembe inayotajwa. Upande ambao kidole hakiugusi ndio wa mkabala. Unaougusa na si ipotenusi ndio jirani.

Hamia pembe ya pili na kila kitu kinageuka: aliyekuwa jirani sasa ni wa mkabala. Ndiyo maana cos 30° na sin 60° ni nambari moja. Ni upande ule ule kugawa kwa ipotenusi ile ile, umetazamwa kutoka kona mbili. Kosinusi haikuhitaji kuwa kitu cha pekee. Ni sinusi ya pembe inayobaki kufika 90.

Pande tatu zinatoa uwiano wa aina sita. Mbona tunafundishwa mitatu?

Hesabu yako ni sahihi. Lakini mitatu kati ya hiyo ni ile mingine iliyopinduliwa juu chini, na mashine ya hesabu inajua kupindua. Kusema kweli hata tanjenti tungeweza kuiacha, maana ni sinusi kugawa kwa kosinusi. Imebaki kwa sababu ya kazi za nje kama ile ya mlima. Mpimaji anajua mlalo na anataka wima, na ipotenusi ni mstari wa hewani ambao hakuna anayeupima.

Kuhusu maandishi: daftari nyingi za kwetu bado zina tg na cotg, na mashine inaandika tan. Ni kitu kimoja. Cotg yenyewe, ambayo ni jirani kugawa kwa mkabala, mashine nyingi hazina kitufe chake, unaipata kwa 1 kugawa kwa tan. Mimi naipenda, na nitakuonyesha kwa nini.

Kuna mnara wa simu uliozungushiwa ukuta. Hutaruhusiwa kuingia, kwa hiyo umbali mpaka chini yake huujui. Simama mahali ambapo ncha yake inaonekana kwa digrii 45. Rudi nyuma mita 20 kwa mstari ulionyooka kutoka mnara, kwenye ardhi iliyo sawa, upime tena, na tuseme umepata digrii 30. Kimo juu ya jicho lako tukiite h. Umbali wa kwanza ni h × cotg 45°, yaani h. Umbali wa pili ni h × cotg 30°, yaani 1,732 h. Tofauti yake ni 0,732 h, na tofauti hiyo unaijua, uliitembea: mita 20. Gawa 20 kwa 0,732, unapata 27,3. Ongeza kimo cha jicho, mita 1,5 hivi, mnara una karibu mita 29. Umbali tusioujua umejiondoa wenyewe. Watu husahau kuongeza jicho kuliko wanavyosahau kitu kingine chochote katika zoezi hili.

Kwa nini pembe ikiongezeka mara mbili, tanjenti haiongezeki mara mbili?

Kwa sababu uwiano unaamuliwa na pembe, lakini hauendi nayo hatua kwa hatua. Rudi ufukweni, ushike ule mlalo wa kilomita 19, na ufikirie milima ya kubuni. Kwa digrii 10, mlima ungekuwa na kilomita 3,35. Kwa digrii 20, kilomita 6,92, kidogo zaidi ya mara mbili. Kwa digrii 40, kilomita 15,9. Kwa digrii 80, kilomita 108. Kutoka 40 kwenda 80 pembe imekuwa mara mbili na kimo kimekuwa karibu mara saba.

Sinusi inafanya kinyume. Inaanza kwa haraka, kisha inachoka, kwa sababu upande wa mkabala hauwezi kupita ipotenusi. sin 30° ni 0,5 lakini sin 60° ni 0,866 tu, na sin 90° ni 1. Kwa hiyo ukipata sinusi ya 1,3 huhitaji mtu wa kukusahihisha: umegawa ipotenusi kwa upande badala ya upande kwa ipotenusi.

Mashine yangu inatoa jibu la ajabu. Imeharibika?

Karibu kila mara hapana, iko kwenye kipimo kingine cha pembe. Juu ya kioo kuna alama ndogo: D au DEG kwa digrii, R au RAD kwa radiani, G au GRAD kwa gradi, ambapo pembe mraba ina gradi 100. Andika tan(6) ukiwa kwenye RAD na utapata −0,291. Mlima uliozama chini ya ziwa: kosa linajionyesha lenyewe na unalirekebisha.

Hatari iko kwenye GRAD. Hapo tan(6) inatoa 0,0945, na 19 × 0,0945 ni 1,796. Mlima wa mita 1796 juu ya ziwa hauchekeshi mtu, unaingia kwenye karatasi ya egzeta, na pointi zinakwenda. Kabla ya zoezi la kwanza andika tan(45). Ikitoka 1 uko kwenye digrii. Kwenye GRAD itatoka 0,854. Na jibu hilo la 1 hulikariri, unaliona: kwa digrii 45 pembe ya tatu nayo ni 45, pande mbili zinalingana, na kitu kugawa kwa kilicho sawa nacho ni 1.

Je, tangu zamani ilikuwa uwiano?

Hapana, na historia hii inamtetea mwanafunzi wa swali la kwanza. Kwa karne nyingi sinusi ilikuwa urefu kweli. Wanajimu walichora duara, wakapima mstari unaounganisha ncha mbili za kipande cha duara, au nusu ya mstari huo. Lakini urefu unategemea duara ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo kila mmoja alilazimika kutangaza duara lake. Ptolemayo wa Aleksandria, karne ya 2, alitumia duara la nusu kipenyo 60. Aryabhata wa India, mwaka 499, alitumia 3438, kwa sababu mzunguko wa duara lenye dakika 21600 za pembe unadai nusu kipenyo cha karibu hapo.

Sasa linganisha pembe ya digrii 30. Kwa duara la Ptolemayo nusu ya mstari ni 30. Kwa Aryabhata ni 1719. Ukikuta majedwali hayo mawili bila maelezo utadhani yanazungumza mambo tofauti. Gawa 30 kwa 60, gawa 1719 kwa 3438, na zote zinatoa 0,5. Uwiano ulikuwa umejificha humo muda wote, ila kila mtu alitembea nao pamoja na ukubwa wa duara lake.

Mwaka 1551 Rheticus, aliyekuwa mwanafunzi wa Copernicus, alifunga nambari hizi moja kwa moja na pande za pembetatu yenye pembe mraba, badala ya vipande vya duara. Euler, mwaka 1748, akaweka nusu kipenyo kuwa 1, na tangu hapo haikuwa lazima tena kutangaza duara la nani.

Na pembe kubwa kuliko 90? Pembetatu yenye pembe mraba haiwezi kuwa na digrii 120.

Haiwezi, na hapa tafsiri ya pande inafika mwisho wa uwezo wake. Tunaipanua kwa kuchukua ipotenusi ya urefu 1 na kuizungusha kuanzia katikati ya duara. Kugawa kwa 1 hakubadilishi kitu, kwa hiyo sinusi inakuwa kimo cha ncha na kosinusi inakuwa umbali wake wa kulia. Ncha ikivuka digrii 90, inaenda kushoto, na kosinusi inakuwa hasi: cos 120° = −0,5. Kimo bado kipo juu, sin 120° = 0,866, sawa na sin 60°.

Alama hiyo ya hasi haikuwekwa kwa urembo. Chora pembetatu yenye pembe ya digrii 120 na uteremshe kimo kutoka ncha iliyo kando yake. Kimo kinaanguka nje ya pembetatu, na ili kukifikia inabidi kurefusha upande wa chini. Katika kanuni ya kosinusi, c² = a² + b² − 2ab cos C, ambapo C ni pembe hiyo ya digrii 120 na c ni upande unaoikabili, kosinusi hasi inageuza kutoa kuwa kujumlisha, na ndivyo kile kipande cha nje kinavyohesabiwa.

Kwa digrii 90 kamili, sinusi ni 1, kosinusi ni 0, na tanjenti haipo, kwa sababu upande jirani umekwisha na hakuna cha kugawia. Ijaribu kwa mashine: tan 89° ni 57,29, tan 89,9° ni 572,96, na kwa 90 inaandika kosa.